Picha ya Makato, Bila Neno

Nilikuwa nachagua maharage ya kesho, saa mbili na dakika kumi usiku, simu ikalia mlio mmoja wa wasap. Picha kutoka kwa Mama Mdogo. Hakuna "hujambo mwanangu", hakuna alama ya kuuliza, hakuna sauti iliyofuata. Skrinishoti tu ya programu ya benki, na mstari mmoja umezungushiwa duara jekundu, duara la kidole kinachotetemeka kidogo:

```
18/06  POS  ******* ENTERPRIS  CHENNAI  IN
       -481,350.00 TZS
```

Nyota hizo nimeziweka mimi kuficha jina. Mama Mdogo alikuwa Chennai wiki ya pili, amempeleka Baba Mdogo kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Kule ilikuwa saa nne na dakika arobaini usiku, maana wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu.

Nilitazama picha ile kwa muda wa kuchagua maharage kumi. Kisha nikaandika: "Piga benki sasa hivi wafunge kadi. Namba hii hapa."

Akapiga. Wakafunga. Dakika nne zote.

Nimekaa na dakika nne hizo wiki saba sasa.

## Kwa nini nilikuwa mwepesi

Niseme tu kwamba mimi si mgeni wa mambo haya. Miaka minne nilikaa kwenye dawati la malalamiko ya kadi, benki moja hapa Dar. Kazi yetu ilikuwa kupokea watu walioshika simu mkononi wakisema "nimekatwa", kuwajazisha fomu na kuifuatilia. Ukikaa hapo muda mrefu, jicho linazoea kitu kimoja. Jina geni, nchi ya nje, pesa nyingi: mwizi. Mkono unaenda kwenye kufunga kadi kabla kichwa hakijamaliza kusoma.

Na mara nyingi mkono ule ulikuwa sahihi. Ndiyo maana sikujifunza kuutilia shaka.

Kuna jambo jingine ninalolikiri kwa aibu kidogo. Picha ile haikuniuliza chochote. Swali nililolijibu lilikuwa langu mwenyewe, nikalitia kinywani mwa mtu aliyekuwa mbali, amechoka, na anayeniamini. Hata benki walipomuuliza kama ameufanya muamala huo, alijibu (nilikuja kuambiwa baadaye), "Mwanangu anasema siujui."

Mwanangu anasema.

## Asubuhi ya duka la dawa

Kesho yake Baba Mdogo aliandikiwa dawa za wiki na mkanda wa kiuno. Jumla rupia 6,480. Mama Mdogo alikuwa na rupia 1,100 taslimu kwenye pochi, kwa kuwa alikuwa amezoea kulipa kwa kadi. Akaiweka kadi kwenye mashine kwa mazoea, mashine ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Nyuma yake kuna foleni, mbele yake kijana wa duka anamwambia kitu kwa Kiingereza cha haraka ambacho yeye alikisikia nusu.

Kadi mpya ingechukuliwa tawini, Tanga, kwa kitambulisho na sahihi ya mwenyewe. Yeye yuko Chennai.

Aliyemwokoa ni mama mmoja wa Zanzibar aliyekuwa chumba cha pili kwenye nyumba ile ile ya wageni, naye ameuguza mume. Akamhesabia rupia 8,000 mkononi. Wakakubaliana shilingi 32 kwa rupia, na Mama Mdogo, akiwa kitandani kwake kwa mtandao wa nyumba ya wageni, akaingia kwenye programu ya benki na kutuma shilingi 256,000 kwenye simu ya mtoto wa yule mama, Unguja. Akaunti yake ilikuwa hai muda wote. Kilichofungwa ni kadi tu.

Hilo wengi hawalijui. Kadi ni ufunguo mmoja wa mlango wa akaunti, na programu ya simu ni ufunguo mwingine. Kufunga mmoja hakugusi mwingine. Kwa wakati ule nilishukuru Mungu kwamba sikumwambia abadili na namba za siri za kila kitu.

## Mhudumu wa mapokezi

Jioni ile Mama Mdogo alishuka mapokezi kuuliza maji ya moto. Mhudumu akamtazama akasema, kwa maneno yake, kwamba asiwe na wasiwasi wa malipo mpaka siku ya kuondoka, "kwa sababu ile amana yako tunayo."

Amana ipi?

Akaonyeshwa karatasi yenye sahihi yake. Jana yake, alipohamia pale kutoka nyumba ya mbali, mhudumu aliingiza kadi kwenye mashine, yeye akabonyeza namba ya siri, akasaini. Alidhani anaandikisha kadi. Bei aliyoambiwa ilikuwa rupia 1,400 kwa usiku, kulipa mwishoni, kwa hiyo 481,350 haikufanana na chochote kichwani mwake. Na kibao cha nje ya nyumba ile kina jina la ua. Lile la kwenye taarifa ya benki ni jina la kampuni inayoimiliki, tena limekatwa mkia kwa sababu nafasi ya jina kwenye mifumo ya kadi ni herufi ishirini na kitu tu.

Nyumba za wageni, hoteli na wakodishaji magari hufanya hivi duniani kote. Wanaiomba benki yako ishikilie kiasi fulani kama dhamana. Pesa haijaondoka. Imewekwa kando, huwezi kuitumia, na bado haijaenda kwao. Siku ya kuondoka wanadai bili halisi, na kile kilichoshikiliwa kinaachiwa. Shida ni kwamba programu nyingi za benki zinaonyesha kushikiliwa na kukatwa kwa sura ile ile: alama ya kutoa, kiasi, jina. Salio linashuka vilevile. Anayetofautisha ni neno moja dogo kwenye maelezo ya ndani, "pending", na hilo halikuwepo kwenye picha niliyotumiwa.

Halikuwepo kwa sababu alipiga picha orodha. Hakuufungua muamala wenyewe.

## Hesabu niliyopaswa kuifanya

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwenye picha ile ile, mistari miwili juu ya duara jekundu. Kulikuwa na malipo ya asubuhi ya siku hiyo kwenye duka la dawa: shilingi 75,090. Risiti ya dawa hizo alikuwa amenitumia mchana, nami nilikuwa nayo kwenye simu. Rupia 2,340.

Gawanya. 75,090 kwa 2,340 unapata 32.09. Hicho ndicho kiwango ambacho benki yake ilitumia siku hiyo kubadili rupia, pamoja na ada yake ya malipo ya nje ndani yake. Hakilingani na kile utakachokiona ukitafuta mtandaoni, kwa sababu cha mtandaoni hakina ada ya mtu.

Sasa chukua 481,350, gawa kwa 32.09. Unapata 15,000 kamili.

Makato yanayoonekana ya ajabu kwa shilingi yakigeuka kuwa namba nzima kwa fedha ya kule, mara nyingi kuna mtu aliyekaa akaiamua namba hiyo. Amana, ada, kifurushi, nauli. Mwizi naye anaweza kupenda namba nzima, sikatai. Lakini 15,000 kamili, kwenye mji ambao mwenye kadi yupo, kwa mashine iliyosoma kadi yenyewe (ile "POS" ya mwanzo wa mstari), ingetosha kunifanya niulize swali moja kabla ya kutoa amri: "Mama, leo umeingiza kadi mahali gani na gani?"

Na kama angefungua ule mstari angeona saa pia. Muamala ulirekodiwa saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, saa za Dar. Ongeza saa mbili na nusu. Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili jioni, Chennai. Amesimama mapokezi, begi mguuni, anabonyeza namba ya siri.

## Alichokuwa anauliza

Nilimuuliza baada ya siku tatu, mambo yalipotulia. "Mama, ile picha ulivyonitumia ulitaka nini hasa?"

Akafikiri. "Nilitaka tu kujua ni ya chumba au ni ya kitu gani. Nilijua ukiiona utajua."

Ni nini hii? Basi. Alihitaji maelezo.

Kule dawatini tulikuwa na fomu yenye visanduku, na kwa miaka minne niliwaambia watu "weka tiki hapa" bila kuwaeleza kwamba visanduku vile ni njia tatu zisizokutana. Anayeuliza "ni nini hii?" anahitaji kusomewa mstari: nani, lini, kwa mashine au mtandaoni, imekamilika au imeshikiliwa. Anayesema "naijua, lakini si tulivyokubaliana" ana ugomvi na muuzaji, na atahitaji risiti, barua pepe, tarehe. Anayesema "si mimi" hana ugomvi na muuzaji yeyote. Yeye anahitaji mlango ufungwe kwanza, maswali baadaye.

Picha ni ile ile kwa wote watatu. Duara jekundu ni lile lile.

Kwenye pesa za simu ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Nimeshapokea si chini ya mara tano picha ya mtu aliyetumiwa 50,000 akakuta salio la thelathini na kitu. Wote waliandika, au wangeandika kama wangeandika, "nimeibiwa". Wote walikuwa wametumia huduma ya kukamilishia muamala, Songesha au nyingine za namna hiyo, siku kadhaa nyuma, muamala mdogo uliopungukiwa wakabonyeza moja kukubali. Deni lile linajilipa lenyewe pesa ya kwanza ikiingia, pamoja na ada yake. Hapo hakuna mwizi wala wa kumdai. Kuna mstari wa kusoma, na pengine uamuzi wa kujiondoa kwenye huduma.

## Binamu aliyeweka tiki kwenye kisanduku kisicho chake

Nina binamu Arusha, mpiga picha za harusi. Mwaka jana alijiunga na programu ya kusafishia picha, siku saba za majaribio bure, akaingiza kadi. Siku ya tano akaifuta kwenye simu akasahau. Kuifuta programu kwenye simu hakufuti usajili. Usajili uko kwenye akaunti uliyojiandikisha, na unaendelea kukata kila mwezi hata ukiitupa simu baharini. Alikatwa dola 9.99 mara tatu kabla hajaona.

Alipoona alinitumia picha. Bila neno, naye. Nilikuwa nimeshaacha kazi, nikamjibu kwa haraka aende benki. Kule akaulizwa kama aliidhinisha. Akasema hapana, hakuidhinisha. Na kwa moyo wake alikuwa anasema kweli: hakuidhinisha *kuendelea*. Lakini tiki ikaenda kwenye kisanduku cha udanganyifu.

Kilichofuata kinajulikana na kila aliyewahi kukaa dawati lile. Mitandao ya kadi ina namba za sababu, na kila sababu ina ushahidi wake. Kwa Visa, madai yanayoanza na 10 ni ya udanganyifu, na yanayoanza na 13 ni ya mteja kutoridhika. Usajili uliofutwa na bado unakata ni 13.2. Dai lililotumwa kama udanganyifu muuzaji hulijibu kwa kuonyesha kwamba mwenye kadi ndiye aliyejiunga: barua pepe yake, simu yake, siku na saa aliyoingia, picha alizosafisha. Binamu alikuwa amesafisha picha arobaini za harusi ya watu wa Moshi. Dai likaanguka. Kadi yake ilikuwa imeshafungwa kwa sababu ndivyo inavyofanywa ukidai udanganyifu, na alikaa siku tisa bila kadi mpya.

Je, angeshinda kama angedai kama 13.2? Nimelifikiria sana na jibu langu ni kwamba sidhani. Dai hilo linataka uonyeshe kwamba ulifuta: barua pepe ya uthibitisho, tarehe, au angalau ujumbe uliowaandikia. Yeye hakuwa na kitu. Alichopaswa kufanya siku ile ni kuingia kwenye akaunti yake, kufuta usajili, kupiga picha ukurasa unaosema umefutwa, kisha kumwandikia muuzaji kuomba pesa ya mwezi wa mwisho. Mwishoni ndivyo alivyofanya. Wakamrudishia mwezi mmoja kati ya mitatu, kwa hiari yao, bila benki kuingia.

Kama wangekataa, na yeye ana ushahidi wa kufuta, hapo ndipo benki inapokuwa na kazi. Kwa madai mengi ya namna hii dirisha ni siku 120, na hesabu inaanzia wapi hutegemea aina ya dai, kwa hiyo usilicheleweshe dai lako. Benki nayo ikikuzungusha bila jibu, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, lakini itakuuliza kwanza kama ulilalamika benki kwako kwa maandishi na ulijibiwa nini. Picha ya wasap kwa ndugu haihesabiki kama malalamiko.

## Pale usipokuwa na muda wa kuuliza

Nisieleweke vibaya. Kosa langu la Chennai halimaanishi watu wakae wagawe namba huku akaunti inavuja.

Zipo ishara ambazo nikiziona hata leo nitasema funga. Makato ya mtandaoni wakati kadi iko mkononi na hujanunua kitu, hasa yakiwa madogo: dola moja, senti kadhaa, kwenye jina usilolijua, usiku. Aliyepata namba za kadi hupenda kuijaribu kwa kiasi ambacho hakuna atakayelalamikia, akiona imekubali anarudi na kubwa. Makato mawili matatu yanayofuatana ndani ya dakika. Meseji ya namba ya uthibitisho ambayo hukuiomba, maana hapo kuna mtu amesimama mlangoni sasa hivi anasubiri uisome kwa sauti. Na simu kupoteza mtandao ghafla wakati majirani zako wanaongea vizuri. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu laini yako inaweza kuwa imehamishiwa kadi nyingine ya simu, na kila namba ya uthibitisho inakwenda huko. Hapo unaazima simu ya mtu, unapiga benki na mtandao wa simu, usiku huo huo.

Kwenye pesa za simu muda ni mfupi zaidi. Muamala wa kadi una siku kadhaa kabla haujakamilika na una utaratibu wa kuupinga. Pesa ya simu ikishatolewa kwa wakala, kinachobaki ni polisi na subira. Meseji za matapeli zipeleke 15040, na ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hayo mawili wengi tunayajua ila tunayafanya baada ya msiba.

Na tafadhali, picha hiyo usiiweke chini ya ukurasa wa benki kwenye mitandao. Dakika mbili hazipiti utaandikiwa na "huduma kwa wateja" mwenye nembo sawasawa na ya benki, anakuita mpendwa mteja, anaomba namba zilizo mbele na nyuma ya kadi ili akurudishie. Umeingia na swali dogo la maelezo, unatoka na wizi wa kweli.

Lakini hata hapa pa haraka kuna ngazi. Programu ya benki ambayo Mama Mdogo aliipiga picha ilikuwa na kitufe cha kufunga kadi *kwa muda*. Nilikuja kukiona siku nyingine, nikiikuza picha ile ile. Kilikuwa chini ya duara jekundu, sentimita moja hivi. Angebonyeza, akalala, asubuhi akauliza mapokezi, akabonyeza tena kufungua. Kufunga kwa kupiga simu na kusema "siujui" ni kuua namba ya kadi moja kwa moja. Hairudi.

Sikumwambia kuhusu kitufe hicho. Sikuuliza hata kama kipo.

## Kadi imefungwa, bado inakata

Waliondoka nyumba ile baada ya siku tisa. Siku ya pili yake, tayari wakiwa Tanga, nilipata picha nyingine. Safari hii ikafuatiwa na sauti, na sauti ilikuwa kali:

"Kadi si mlifunga? Mbona bado inakata?"

Jina lile lile. Shilingi 405,090. Na chini yake, bado pale pale, ile 481,350 ya zamani. Jumla, kwa macho ya mtu wa kawaida, ni laki nane na themanini na sita na ushee, kwa chumba cha rupia 1,400.

Nakiri mkono ulianza kwenda. Kadi iliyofungwa inakatwaje?

Nikaweka simu chini. Nikanywa maji. Kisha nikampigia, na baada ya shikamoo nikamuuliza: "Mama, unaniuliza ni nini, au unasema wamekuzidishia, au unaogopa kuna mwizi?"

Kimya kidogo. "Naogopa," akasema. "Halafu kama si mwizi, basi wamenizidishia. Halafu kama hawajanizidishia, nieleze."

Sijawahi kusikia mtu akiipanga vizuri kuliko hivyo.

Tukaanza na hofu. Nilimwomba afungue mstari, asipige picha orodha. Hakukuwa na "pending" safari hii, imekamilika. Na namba ya idhini, ile ya tarakimu sita, ilikuwa ileile kwenye mistari yote miwili. Maana yake nyumba ya wageni haikuomba idhini mpya kwa kadi iliyokufa. Ilikamilisha idhini ya tarehe 18, iliyotolewa kadi ikiwa hai. Kufunga kadi kunazuia maombi mapya. Ahadi ambayo benki ilishaitoa hakuizuii. Kwa maneno mengine, usiku ule wa maharage nilifunga mlango ambao mgeni alishaingia ndani, tena mgeni aliyealikwa.

Kisha kuzidishiwa. Usiku tisa kwa 1,400 ni rupia 12,600, na risiti aliyokuwa nayo inasema hivyo hivyo. 405,090 ukigawa kwa 12,600 unapata 32.15. Kiwango cha siku ya kukamilisha kilikuwa kimepanda senti sita kuliko kile cha siku ya kushikilia, ambalo ni jambo la kawaida, kwa sababu kiwango kinachohesabika ni cha siku malipo yanapokamilika. Hawakumzidishia.

Ikabaki maelezo ya ile 481,350. Hiyo ilikuwa bado imeshikiliwa, kwa sababu kuachia hakufuati kukamilisha papo hapo. Kwa hoteli kunaweza kuchukua siku kadhaa, na benki nyingine huiacha mpaka muda wake uishe wenyewe. Nilimwambia asubiri wiki moja. Isipoachiwa, hapo ndipo inageuka kuwa dai: aende tawini na risiti ya 12,600, aonyeshe namba ya idhini, aseme "muamala huu nilioshikiliwa umeshalipwa kwa huu, naomba uachiwe." Asiseme "siujui." Anaujua vizuri sasa.

"Nimeandika," akasema. Nilimsikia anaandika kweli, kwenye karatasi.

## Siku ya tano

Siku ya tano baada ya simu ile, mchana, nikiwa kwenye daladala la Mbagala nimebanwa dirishani, wasap ikalia. Picha. Hakuna salamu, hakuna alama ya kuuliza. Orodha ya benki ile ile, ila mstari wa 481,350 haupo, na salio la juu limepanda. Amelizungushia duara jekundu salio lenyewe.

Nikaandika, polepole, dole gumba moja: "Mama, hapa unauliza nini?"

Akajibu kabla hatujafika kituo cha mbele.

"Siulizi. Nakuonyesha tu."